Jinsia ya nomino za Kifaransa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu viishio na vighairi vyake

Maswali haya ni yale yanayorudi kila muhula katika darasa la Kifaransa lenye wanafunzi wanaozungumza Kiswahili. Sikuorodhesha kila kiishio kilichomo katika vitabu vya sarufi. Nimechukua vile vinavyolipa, nikakaa zaidi kwenye vighairi, kwa sababu vighairi vingi vina sababu yake, na ukiijua sababu unavikumbuka bila kuhangaika.

## Je, jinsia ya nomino inaweza kukisiwa, au ni kukariri tu?

Inaweza kukisiwa, na kwa sehemu kubwa. Mwaka 2006 Roy Lyster wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alichapisha uchambuzi wa karibu nomino 10,000 zilizotoka katika kamusi ya watoto. Takriban asilimia 80 ya nomino za kike zilitabirika kwa kutazama mwisho wa neno, na za kiume vivyo hivyo. Zamani kidogo kabla yake, mwaka 1977, watafiti Tucker, Lambert na Rigault walikuwa wameonyesha kwamba hata waliozaliwa na Kifaransa hutegemea mwisho wa neno. Ukiwapa neno la kubuni ambalo hakuna aliyewahi kulisikia, hulipangia jinsia kwa kufuata sauti zake za mwisho.

Shida ni kwamba asilimia 20 inayobaki imejaa maneno ya kila siku: *l'eau* (maji), *la main* (mkono), *la mer* (bahari), *le musée* (makumbusho), *la plage* (ufukwe). Ndiyo maana mwanafunzi huhisi kwamba kanuni hazifanyi kazi. Kumbe zinafanya kazi, ila anakutana na vighairi mara nyingi kuliko idadi yake.

## Nimezoea ngeli za Kiswahili. Je, zinanisaidia?

Zinakusaidia jambo moja kubwa: tayari unajua kwamba nomino hulazimisha maneno mengine yaifuate. Anayesema *kitabu kizuri kimepotea* hashangai kuona *la lettre verte est perdue*, ambapo kibainishi, kivumishi na kitenzi vyote vimevaa alama ya kike. Kwa wenzetu wengine wanaojifunza Kifaransa, wazo hilo lenyewe ndilo mlima wa kwanza.

Pale zinapokupoteza ni mahali pa kutazama. Kiswahili huonyesha ngeli mwanzoni mwa neno, *ki-* au *m-* au *u-*. Kifaransa hukuonyesha jinsia mkiani. Mwanafunzi wetu husoma neno jipya, macho yakishika silabi ya kwanza, kisha anakisia jinsia kwa maana: “mashine, basi itakuwa ya kiume”. Acha maana ya vitu visivyo hai. *La table* na *le bureau* zote ni meza, na hakuna cha kike wala cha kiume katika mbao zake.

## Nikiwa na nafasi ya kukumbuka viishio vichache tu, nichukue vipi?

Kwa upande wa kike: *-tion* na *-sion*, *-té* katika majina ya sifa, *-ance* na *-ence*, *-ette*, *-ude* na *-ure*. Kwa upande wa kiume: *-age*, *-ment*, *-isme*, *-oir* na *-eau*.

Vingi vina vighairi vyake, lakini vinahesabika kwa vidole. Kwa *-eau* ni *l'eau* na *la peau* (ngozi). Kwa *-ence*, kighairi unachokutana nacho kweli ni *le silence*. Kwa *-ette* ni *le squelette* (kiunzi cha mifupa). Kwa *-ude* ni *le prélude* na *l'interlude*. Kwa *-ure* kumbuka *le murmure*, *le mercure* (zebaki), na majina ya kikemia kama *le chlorure*.

Kuhusu *-ment*, kighairi ni kimoja tu, nacho kinafurahisha: *la jument*, farasi jike. Neno hili lilitoka katika Kilatini *jumentum*, mnyama wa kubeba mizigo, na lilipaswa kuwa la kiume kama *le monument*. Lilipoanza kumaanisha farasi jike, maana ikashinda kiishio.

## Kwa nini ni *le voyage* lakini *la plage*?

Swali hili ndilo ufunguo wa ukurasa mzima, kwa hiyo nitalijibu taratibu.

Maneno ya kiume yenye *-age* yana kiambishi tamati halisi. Kiambishi hicho kilitoka katika Kilatini *-aticum*, ambacho Kifaransa kilikirithi kama cha kiume. *Voyage* ni *viaticum*, na *fromage* (jibini) ni *formaticum*. Mpaka leo kiambishi hiki kinaendelea kuzaa maneno mapya: ukichukua *nettoyer* (kusafisha) unapata *le nettoyage*, ukichukua *feuille* (jani) unapata *le feuillage*. Yote ni ya kiume.

Sasa tazama maneno ya kike: *la plage*, *la page*, *la cage*, *la rage*, *la nage*, *l'image*. Hakuna hata moja lenye kiambishi hicho. *Page* ni Kilatini *pagina*, *cage* ni *cavea*, *rage* ni *rabies*, *image* ni *imago*, na *plage* lilikuja kutoka Kiitaliano, *piaggia*. *Nage* limekatwa kutoka kitenzi *nager* (kuogelea), ambacho tayari kina *-ag-* ndani yake. Maneno haya yalikuwa na njia zake mbalimbali, sauti zikabadilika kwa karne nyingi, yakajikuta yote yanaishia kwa herufi zilezile. Kufanana huko ni bahati tu.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si “neno linaishia kwa herufi gani?” bali “je, mwisho huu umebandikwa?” Ondoa *-age*, uone kinachobaki. *Feuill-age*, *nettoy-age*, *vill-age*: shina linaonekana. *C-age*, *p-age*, *r-age*: hakuna shina. Kipimo hiki kina mipaka yake. *L'âge* (umri) na *le gage* (rehani) ni mafupi hivyohivyo na bado ni ya kiume. Lakini kwa kuwa ya kike yenye matumizi ya kila siku ni yale sita niliyoyataja, yajue hayo, na *-age* nyingine zote ziite za kiume bila hofu.

## Na *-tion*? Nimeambiwa haina kighairi.

Karibu haina. *La nation*, *la question*, *la situation*, *l'attention*, zote za kike, kwa sababu Kilatini *-tionem* kilikuwa cha kike. Ndivyo ilivyo pia kwa *-sion* (*la décision*), *-xion* (*la connexion*) na binamu yao *-aison* (*la maison*, *la saison*, *la raison*).

Vighairi viwili vinavyotajwa ni *le bastion* (ngome) na *le cation*, ioni yenye chaji chanya. Sababu ni ileile ya *plage*. *Bastion* ni neno la Kiitaliano, na *cation* ni *ion* iliyotanguliwa na kipande cha Kigiriki, kwa hiyo hakuna *-tion* ndani yake. Hata sikio linakuambia: katika *nation* herufi *t* hutamkwa kama *s*, lakini katika *cation* hubaki *t*.

Wanaokosea hapa ni wale wanaofupisha kanuni kuwa “*-ion* ni ya kike”. Hapo utaanguka, maana *le camion* (lori), *l'avion* (ndege), *le lion*, *le million*, *l'espion* (jasusi) na *le scorpion* (nge) zote ni za kiume, huku *la région*, *la réunion*, *l'opinion* na *la religion* ni za kike. Bila *t*, *s* au *x* mbele yake, *-ion* haina ahadi.

## *La liberté*, *la santé*, halafu *le comité*. Nitatofautishaje?

Jiulize kama neno linataja sifa au hali. *Beau* (zuri) huzaa *la beauté*, *rapide* huzaa *la rapidité*, *libre* huzaa *la liberté*. Hizo zote ni za kike bila mjadala, na ndizo nyingi mno.

Za kiume ni vitu, mahali, watu au nyaraka: *le comité* (kamati), *le traité* (mkataba kati ya nchi), *l'arrêté* (amri ya mamlaka), *le pâté*, *le côté* (upande), *le député*. *Traité* ni *tractatus* na *côté* ni *costatum*. Hazina kiambishi cha sifa. Lipo pia *l'été* (kiangazi), ambalo katika Kilatini lilikuwa la kike, *aestas*, lakini likahamia upande wa kiume, na sasa majira yote manne ya mwaka ni ya kiume. *Le comté*, eneo lililotawaliwa zamani na mtu mwenye cheo cha *comte*, nalo lilikuwa na historia ya kubadilika. Zamani lilitumika kama la kike, na alama yake imebaki katika jina la eneo la mashariki mwa Ufaransa, *la Franche-Comté*.

## Mbona *-ée* ina *e* ya kike lakini tunasema *le lycée*?

Kwa kawaida *-ée* ni ya kike: *la journée*, *l'année*, *l'idée*, *l'arrivée*, *la soirée*. Za kiume ni kundi dogo lenye asili moja. Kilatini kilikuwa na majina ya mahali na vitu, yaliyotoka Kigiriki, yaliyoishia *-eum* au *-aeum*, ambayo hayakuwa ya kike, na Kifaransa kiliyapokea kwa umbo la *-ée*. *Lyceum* ikawa *le lycée*, *museum* ikawa *le musée*, *trophaeum* ikawa *le trophée* (kombe), *mausoleum* ikawa *le mausolée*. Ukiona neno lenye sura ya kisomi linalotaja jengo la umma, shuku kuwa ni la kiume.

*Le rez-de-chaussée* (ghorofa ya chini) ni jambo jingine. *La chaussée* yenyewe ni ya kike, lakini neno zima ni la kiume kwa sababu kichwa chake ni *rez*.

## *-eur* inanichanganya: *la couleur*, *le moteur*, *le bonheur*. Kuna mantiki?

Ipo, na inahitaji upange maneno katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni watendaji na vifaa: *le chauffeur*, *le moteur*, *l'ordinateur* (kompyuta), *l'ascenseur* (lifti). Mtu anayefanya au mashine inayofanya ni ya kiume, ingawa mtu akiwa mwanamke umbo hubadilika: *la vendeuse*, *la directrice*.

Fungu la pili ni hisia, sifa na vipimo: *la peur* (hofu), *la douleur* (maumivu), *la chaleur* (joto), *la couleur*, *la longueur* (urefu), *l'erreur*, *l'odeur*. Haya ni ya kike. Hapa kuna kioja cha historia: katika Kilatini maneno mengi ya namna hii, kama *color* na *dolor*, yalikuwa ya kiume, na Kifaransa kikayageuza. Ndiyo maana jirani zake hawakubaliani naye. Mhispania husema *el color* na Mfaransa *la couleur*. Mwenye kujua Kihispania au Kiitaliano awe mwangalifu hapa kuliko mahali pengine.

Fungu la tatu ni vighairi: *le bonheur* (furaha), *le malheur* (msiba), *l'honneur* (heshima), *le labeur* (kazi ngumu), *le cœur* (moyo). *L'honneur* na *le labeur* yalibaki upande wa kiume wakati wenzao walipohama. *Bonheur* na *malheur* hayakuwahi kuwa kundini: ndani yake mna neno la kale *heur*, bahati, lililotoka *augurium*. *Cœur* nalo ni neno fupi lenye asili yake, *cor*. Wanafunzi wangu hukosea zaidi *l'honneur*, kwa sababu *l'* huificha jinsia yake.

## *La mémoire* au *le mémoire*?

Yote mawili yapo. *La mémoire* ni kumbukumbu, uwezo wa akili. *Le mémoire* ni tasnifu anayoandika mwanafunzi wa chuo. Kwa aliyesoma Bujumbura au Lubumbashi tofauti hii si ya nadharia, maana *le mémoire* ndilo linalokesha naye mwaka wa mwisho.

Kiishio *-oire* kwa jumla huelekea upande wa kike: *l'histoire*, *la victoire*, *l'armoire* (kabati), *la poire* (pea). Lakini mahali na shughuli rasmi zilizotokana na Kilatini *-orium* ni za kiume: *le laboratoire*, *le territoire*, *le réfectoire*, *le conservatoire*, *l'interrogatoire* (mahojiano ya polisi). Ongeza *l'ivoire* (pembe ya ndovu) na *le pourboire* (bakshishi). Hilo la mwisho limeundwa na *pour boire*, “kwa ajili ya kunywa”, na maneno yanayoundwa kwa kitenzi namna hiyo huwa ya kiume.

Jozi nyingine zinazobadili maana kwa kibainishi ni nyingi, nami nataja zile zinazoleta aibu kweli: *le livre* (kitabu) na *la livre* (ratili, au pauni), *le tour* (mzunguko) na *la tour* (mnara), *le poste* (cheo au kituo) na *la poste* (posta), *le poêle* (jiko la kupasha nyumba joto) na *la poêle* (kikaango).

## Je, si kweli kwamba neno linaloishia *-e* ni la kike?

Hiyo ndiyo kanuni mbaya kuliko zote zinazofundishwa. *Le livre*, *le verre*, *le monde*, *le fleuve*, *le siècle*, *le téléphone*, *l'arbre*: zote zina *-e*, zote za kiume. *-e* peke yake haitoshi. Tazama kilicho mbele yake. *-ette*, *-esse* na *-ance* zina nguvu. *-isme* ni ya kiume daima. Maneno ya Kigiriki kama *le problème*, *le système*, *le poème*, *le programme*, *le drame* na *le diplôme* ni ya kiume pia, kwa sababu katika Kigiriki yaliishia *-ma* na hayakuwa ya kike. Hata hapo, *l'énigme* (fumbo) limetoroka likaenda upande wa kike, na *la crème* linafanana na *problème* kwa sura tu.

Kwa maneno mafupi yasiyo na kiambishi chochote sina la kukupa. *La main* iko peke yake kati ya *le pain*, *le bain* na *le train*. *La voix*, *la croix* na *la noix* ni za kike, lakini *le choix* (chaguo) ni la kiume. *La mer*, *la nuit*, *la dent*, *la clé*, *la soif*, *la forêt*: hayo yakariri.

## Kwa nini maneno yanayoanza kwa irabu ni magumu zaidi?

Kwa sababu Kifaransa chenyewe kinakuficha ushahidi. *Le* na *la* zote hugeuka *l'*. Kimilikishi *ma* hugeuka *mon*, hata neno likiwa la kike: *mon école*, *mon erreur*, *mon amie*. *Cet* na *cette* hutamkwa sawa, *bel* na *belle* hutamkwa sawa, *nouvel* na *nouvelle* vilevile. Mtu anaweza kulisikia neno kwa miaka mingi bila sikio lake kupata dalili. Matokeo yake hata Wafaransa husitasita hapa, na michezo ya televisheni huchuma humo maswali yake.

Ya kiume yanayodhaniwa kuwa ya kike ni *un haltère* (chuma cha kunyanyua), *un astérisque*, *un équinoxe*, *un armistice*, *un éloge* (sifa), *un antidote*, *un obélisque* na *un hémisphère*. Hilo la mwisho lina ukorofi wake, kwa kuwa *la sphère* na *l'atmosphère* ni za kike. Ya kike yanayodhaniwa kuwa ya kiume ni *une oasis*, *une orbite*, *une icône*, *une épitaphe*, *une anagramme* na *une échappatoire* (upenyo wa kukwepa). *Après-midi* (alasiri) linakubalika kwa jinsia zote mbili, basi usipoteze usingizi. Nje ya irabu, mawili yanayowasumbua wenyewe ni *un pétale* na *un tentacule*.

Na *espèce* je? Ni la kike daima, *une espèce*. Utasikia mitaani *un espèce d'imbécile*, kwa sababu msemaji huvutwa na nomino inayofuata. Usiandike hivyo katika mtihani.

Dawa ninayoitumia ni kutojifunza neno la irabu pamoja na *l'* kabisa. Liandike na *un* au *une*, kisha libandikie nyuma kivumishi ambacho sauti yake hubadilika, kama *vert/verte* au *blanc/blanche*: *un arbre vert*, *une armoire blanche*, *un escalier blanc*. Konsonanti ya mwisho ya *verte* na *blanche* inasikika, na sikio linapata ushahidi ambao *l'* iliunyima.

## Naomba mfano mmoja uliofanyiwa kazi hatua kwa hatua.

Chukua sentensi hii: *Après l'orage, l'électricité a manqué dans l'immeuble et l'ascenseur est resté bloqué au troisième étage.* Yaani, baada ya dhoruba ya radi umeme ulikatika katika jengo, na lifti ikakwama ghorofa ya tatu. Nomino zote tano zinaanza kwa irabu.

*Orage*: kiishio *-age*, si mojawapo ya yale sita. Ni ya kiume: *un violent orage*.

*Électricité*: *-té*, na inatoka *électrique*, kwa hiyo ni jina la hali. Ni ya kike. Sentensi haithibitishi, kwa kuwa *a manqué* inatumia *avoir* na haionyeshi upatanisho. Badilisha kitenzi uone: *l'électricité est revenue*, umeme umerudi, na *-e* inajitokeza.

*Immeuble*: hakuna kiishio cha kutegemea, na ile *-e* ya mwisho inakushawishi useme ni ya kike. Tafuta ndugu yake: *le meuble* (samani) ni la kiume, na kulitanguliza *im-* hakubadili jinsia. *Un immeuble*.

*Ascenseur*: *-eur*, mashine inayofanya kazi, fungu la kwanza. Ni ya kiume, na sentensi inathibitisha, kwani *resté bloqué* haina *-e*.

*Étage*: *-age* tena, ya kiume, na *au* iliyotangulia inathibitisha. Ingekuwa ya kike ungeona *à la*.

Kukitokea shaka katika kusoma, fanya hivyohivyo. Tafuta kivumishi kilicho nyuma ya nomino, kitenzi chenye *être*, au *au* na *du*. Ukikosa vyote, kamusi itakuandikia *n.m.* kwa kiume au *n.f.* kwa kike.

## Mwanamume aliyejeruhiwa ni *une victime*?

Ndiyo. *Une victime*, *une personne*, *une vedette* (nyota wa sanaa) na *une sentinelle* (mlinzi wa zamu) ni za kike hata ukimzungumzia mwanamume mwenye ndevu, na kivumishi hufuata nomino: *la victime, un homme de 40 ans, est blessée*.

Vyeo ni habari nyingine, kwa sababu vinabadilika mbele ya macho yetu. Mawaziri wanawake katika serikali ya waziri mkuu wa Ufaransa Lionel Jospin iliyoundwa mwaka 1997 walitaka waitwe *madame la ministre*, na Akademia ya Ufaransa, taasisi inayosimamia lugha ya Kifaransa, ikapinga. Ilichukua mpaka Februari 2019 kwa Akademia hiyo kukubali vyeo na kazi kuwa na umbo la kike. Leo *la ministre*, *la juge* na *la professeure* ni maandishi ya kawaida.

## Ni kweli kuna maneno yanayobadili jinsia kwenye wingi?

Matatu: *amour*, *délice* na *orgue* (kinanda cha kanisani). Umoja wake ni wa kiume na wingi ni wa kike: *un grand amour*, lakini *les premières amours*. Katika mazungumzo Wafaransa wengi huliacha *amours* libaki la kiume.

*Gens* (watu) ni kituko zaidi. Kivumishi cha namna ya *vieux* kikitangulia huwa cha kike, kinachofuata huwa cha kiume, tena katika sentensi hiyohiyo: *les vieilles gens sont heureux*. Ukitaka amani, sema *les personnes âgées sont heureuses*.

## Na nchi zetu?

Hapa *-e* ya mwisho inaaminika. Nchi inayoishia *-e* ni ya kike: *la Tanzanie*, *la Zambie*, *la Somalie*, *l'Éthiopie*. Isiyoishia *-e* ni ya kiume: *le Kenya*, *le Rwanda*, *le Burundi*, *l'Ouganda*. Vighairi vya kukumbuka ni *le Mozambique*, *le Mexique*, *le Cambodge* na *le Zimbabwe*, ingawa katika *Zimbabwe* ile *e* hutamkwa, kwa hiyo kwa sikio si *-e* ya kike hata kidogo.

Jinsia ndiyo inayochagua neno la “katika”. Nchi za kike huchukua *en*: *en Tanzanie*. Za kiume huchukua *au*: *au Kenya*, *au Mozambique*. Ya kiume ikianza kwa irabu hurudi kwenye *en*, ndiyo maana ni *en Ouganda*. Kongo ya Kinshasa ina njia mbili: *au Congo*, au *en RDC*, kwa kuwa *république* ni ya kike. Komoro ni za wingi, *les Comores*, na unakwenda *aux Comores*. Zanzibar haichukui kibainishi: *à Zanzibar*.